Kwa nini maumbo kamili ni matano tu: fuata pengo kwenye kona

Jumamosi hapa Pasua, Moshi, nilikaa na vijana wa kidato cha pili na boksi la sabuni tuliloomba dukani. Nilitaka washike kwa mikono jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja: maumbo kamili ni matano, la sita halipo.

Umbo kamili ni lile ambalo nyuso zake zote ni za aina moja, zenye pande sawa na pembe sawa, na kila kona inakutanisha nyuso kwa idadi ileile. Mchemraba ndio tunaoujua wote.

Hatua ya 1. Chora mstari wa sentimita 6. Simamisha bikari kila mwisho, upana huohuo wa sentimita 6, uchore pinde mbili. Zinapokatana ndipo ncha ya tatu ya pembetatu. Kata hiyo moja vizuri iwe kiolezo, na nyingine zote uzichore kwa kuizunguka. Anayepima kila moja upya huishia na kingo zisizolingana.

Hatua ya 2. Panga pembetatu sita mezani, ncha zikikutana mahali pamoja. Kila pembe ni nyuzi 60, na mara sita ni 360, mzunguko mzima. Zibandike kwa selotepu: zimelala, haziinuki.

Sasa toa moja. Limebaki pengo la nyuzi 60. Vuta kingo mbili za pengo zikutane, na kadibodi inainuka yenyewe kama kawa. Hapo ndipo kona inapozaliwa: bila pengo hakuna kuinuka. Toa ya pili, pengo ni 120 na kona inachongoka zaidi. Toa ya tatu, pengo ni 180. Zikibaki mbili zinalaliana kama kurasa za daftari, hakuna kona. Kwa hiyo pembetatu zinatoa kona za aina tatu tu: za nyuso tano, nne na tatu.

Miraba minne inajaza 360 na kulala, lakini mitatu inaacha pengo la 90. Pembetano ina nyuzi 108 kila pembe. Tatu ni 324, pengo la 36, na nne ni 432, zimezidi. Pembesita tatu ni 360 kamili, ndiyo maana sega la nyuki linatandaa bila pengo. Kuanzia pembesaba, hata tatu zinazidi mzunguko. Aina za kona ni tano, basi. Hoja hii imo mwishoni mwa kitabu cha 13 cha Misingi ya Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale.

Hatua ya 3. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika karne ya 17 mwanahisabati Mfaransa, Descartes, aligundua kwamba ukijumlisha mapengo ya kona zote za umbo la namna hii, jibu ni 720 daima. Chukua pembetano: 720 ukigawa kwa 36 unapata kona 20. Kila kona inakula ncha tatu, jumla ncha 60, na kila pembetano ina ncha tano. Nyuso ni 12. Tulijua idadi ya kukata kabla ya kushika mkasi. Kwa njia hiyohiyo, kona ya pembetatu tano inatoa nyuso 20, ya nne inatoa 8, ya tatu inatoa 4, na miraba inatoa 6.

Lakini pembe zinathibitisha tu kwamba aina hazizidi tano. Kwamba kila moja inafunga kweli hadi uso wa mwisho, hilo linahitaji ujenzi, nasi tulizijenga zote.

Maswali yaliyoletwa

*Shikamoo mwalimu. Nimegundisha piramidi mbili za pembetatu, uso kwa uso. Nyuso sita, zote sawa. Mbona si la sita?* (Himo)

Marahaba. Hesabu kona zake. Kileleni na chini zinakutana pembetatu tatu, lakini kwenye zile kona tatu za kiunoni zinakutana nne. Kona hazilingani, kwa hiyo umbo si kamili. Mapengo yake bado yanatimia: 180 mara mbili na 120 mara tatu ni 720.

*Mwalimu, je, mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe?* (Majengo)

Ule unachanganya pembetano na pembesita mbili kila kona: 108, 120 na 120, jumla 348. Pengo ni 12, kona 60. Kona zake zinafanana zote, ila nyuso ni za aina mbili.

*Mwanangu kabonyeza kona moja ya lile la nyuso 20 ikaingia ndani. Nyuso ni zilezile, na kila kona bado ina pembetatu tano. Je, hilo si la sita?* (Rau)

Mama, mwanao ameona mbali. Masharti niliyoandika juu hayamzuii. Linalokosekana ni sharti kwamba umbo lisiwe na shimo wala bonde: mstari wowote unaounganisha nukta zake mbili ubaki ndani yake. Nyosha uzi kati ya kona mbili zisizopakana ukingoni mwa bonde, nao utapita hewani. Nimeliongeza sharti hilo kwenye daftari la darasa.