Jinsi ya kutambua virusi vya madoa-duara kwenye mpapai kwa picha za simu

Kijana mmoja anayelima mipapai Chanika alinitumia picha ya jani lenye madoa. "Kaka, ndiyo ile virusi?" Kwa picha ile peke yake nisingeweza kumjibu, maana ilikuwa ya upande wa juu tu. Nikamwambia arudi shambani, afanye hivi.

1. Piga asubuhi, jani likiwa kivulini. Taa ya simu izime, inang'arisha jani na kuficha rangi.

2. Geuza jani. Lake lilikuwa la chini, limezeeka, na mgongoni lilijaa vidoa vyeusi kama masizi. Huo ni ugonjwa wa doa jeusi, unaletwa na kuvu. Majani kama hayo yanachumwa na kuchomwa, mti unabaki.

3. Sasa angalia kileleni. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Virusi hujionyesha zaidi kwenye majani machanga: mabaka ya njano na kijani, jani limekunjamana, likizidiwa linabaki jembamba kama kamba. Lakini usihukumu kwa hilo tu. Utitiri nao hukunja majani ya kileleni, na hata dawa ya magugu aina ya 2,4-D ikipeperushwa kutoka kwa jirani huyakunja vilevile.

Kinachotofautisha ni vikonyo na sehemu ya juu ya shina. Tafuta michirizi ya kijani kilichokolea, inayoonekana kama imelowa mafuta. Ifute kwa kitambaa chenye maji. Ikibaki, ipige picha kwa karibu. Utitiri hauachi michirizi hiyo. Kama mti umezaa, tazama tunda bichi: utaona viduara vya kijani kilichokolea kuliko ganda. Jina la ugonjwa limetoka hapo, kwenye tunda. Ndiyo maana anayetafuta viduara kwenye jani anaweza kupishana nao kabisa.

Kijana alizunguka shamba zima. Miti mingi ilikuwa na doa jeusi tu. Mmoja, upande wa maboga ya jirani, ulikuwa na michirizi kwenye vikonyo na viduara kwenye matunda, ingawa majani yake ya chini yalikuwa safi kuliko ya wenzake wote.

4. Ng'oa, usipulizie. Virusi hivi havina dawa. Huenezwa na vidukari, ambao huonja mpapai kwa muda mfupi sana kisha wakaruka. Dawa ya wadudu haiwahi kuwaua kabla hawajaambukiza. Kwa hiyo ukiwakosa kwenye majani usidhani uko salama. Maboga, matango na matikiti huwalea vidukari, na yanaweza kubeba virusi hivyohivyo, kwa hiyo usiyapande kando ya mipapai.

Mti ulioondolewa uzike au uchome. Udongo hauhifadhi virusi hivi, unaweza kupanda tena palepale. Miti inayouzunguka funga utepe, uikague vikonyo kila wiki kwa mwezi mzima, maana dalili huchelewa wiki 2 hadi 3 baada ya maambukizi.