Kodi kwenye linki ya WhatsApp na kaunta buku: kujua posti gani inauza

Wifi yangu anauza madera Kariakoo. Mwezi uliopita alilipia posti moja ya Facebook shilingi 10,000 kwa sababu ilikuwa na laiki nyingi, na bado mzigo ukabaki rafuni. Tulikaa jioni moja tukapanga utaratibu huu. Unamfaa anayepost mitandaoni halafu anamalizia mauzo WhatsApp.

1. Ipe kila posti kodi yake

Kodi ni alama fupi ya kuitambua posti: herufi ya mahali, kisha namba. F ni Facebook, S ni status, K ni makundi ya WhatsApp. F3 ni posti ya tatu ya Facebook. Picha ileile ukiiweka sehemu mbili, ipe kodi mbili.

2. Tengeneza linki

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20dera%20F3
```

Mteja akibonyeza, WhatsApp inamfungukia kwako na ujumbe umeshaandikwa, yeye anatuma tu. Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Kila nafasi kati ya maneno iandike %20.

Hapa ndipo tulipopoteza siku nne nzima. Mwanzoni kodi tuliiandika #3, ikaonekana nadhifu. Meseji zikawa zinaingia "Habari, naulizia dera" na kuishia hapo. Tukadhani wateja wanaifuta kodi. Kumbe kwenye linki, chochote kinachofuata alama ya # kinahesabiwa kuwa si sehemu ya ujumbe, kwa hiyo WhatsApp haikipati kabisa. Alama ya & nayo ina balaa lake: ukiandika "dera & mtandio", ujumbe unakatika kwenye "dera". Zipo namna za kuziandika (%23 kwa ya kwanza, %26 kwa ya pili), lakini mimi nasema usizitumie kabisa. Herufi na namba zinatosha. Na kabla ya kupost, chukua simu ya mtu mwingine, bonyeza linki, soma ujumbe mpaka neno la mwisho.

Jambo jingine: Instagram, linki uliyoiandika chini ya picha haibonyezeki. Kwenye stori weka kibandiko cha linki. Kwa posti ya kawaida, andika kodi pembeni mwa picha yenyewe. Hiyo ya kwenye picha naipenda kuliko zote, maana wateja wengi hupiga skrinishoti na kuituma siku tatu baadaye, na kodi inakuja nayo. Asiye na kodi yoyote muulize, "Dada, dera hili umeliona wapi?" Asipokumbuka, andika alama ya kuuliza. Usimkisie.

Linki fupi zinazohesabu mibonyezo sizitumii kwa kazi hii. Zinakuambia linki imefunguliwa mara ngapi, na tunayemtafuta ni aliyelipa.

3. Kaunta buku

Mstari mmoja kwa kila mteja: tarehe, kodi, tarakimu nne za mwisho za simu yake, amelipa au la, faida. Mstari uandike anapouliza. Sehemu ya malipo ijaze meseji ya pesa ikishaingia, si akisema "nitatuma jioni". Andika faida, si bei. Akirudisha mzigo, kata mstari. Mteja wa siku zote mwekee M, kwa sababu huyo angenunua hata usingepost.

4. Subiri siku 14, kisha jumlisha

Wapo wanaouliza tarehe 18 na kulipa mshahara ukitoka. Pesa hiyo ihesabie kodi aliyokuja nayo, hata kama siku aliyolipa ulikuwa na posti mpya.

Ya wifi yangu ilikuwa hivi. F3 ni video yake amevaa dera harusini, bei haikutajwa: laiki 412, walioulizia 31, waliolipa 2. Faida ya kila dera ni 6,000, hivyo 12,000. Toa ile 10,000 ya kulipia posti, zinabaki 2,000. S5 ni picha ya dera limetandazwa mezani na futikamba juu yake, bei na saizi zimeandikwa: walioiona 90, walioulizia 9, waliolipa 6. Mmoja ana M, wakabaki watano, faida 30,000. Wa F3 karibu wote waliuliza bei, wakajibiwa, wakanyamaza.

Lakini walioiona S5 tayari wana namba yake kwenye simu, wanamfahamu. Kwa hiyo hatuwezi kusema bado kama kilichouza ni bei na futikamba au ni ile status. Wiki hii picha ya S5 tumeiweka Facebook bila kuilipia, kodi F6. Ukurasa wake kwenye kaunta buku tunaufunga siku ya 14.