Kabla ya Kumhoji Mteja kwa Video ya Ushuhuda: Mambo ya Kuzingatia

Video ya kwanza ya ushuhuda niliyorekodi ilikuwa ya fundi mmoja wa Morogoro anayetengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, na ilinipotezea siku nzima. Mteja alikuwa mfugaji mwenye furaha ya kweli, mwanga ulikuwa mzuri na sauti ilisikika vizuri, lakini nilimuuliza, "Je, umeridhika na mashine?" naye akajibu, "Nimeridhika sana, mashine ni nzuri, Mungu awabariki." Nikamuuliza kama angewashauri wengine wainunue, akasema angewashauri. Dakika 12 zilijaa majibu ya namna hiyo, na fundi alipoituma video kwa watu waliokuwa wakiulizia bei, mmoja wao alimwandikia kwamba huyo mama amelipwa. Hakuwa amelipwa hata nauli. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu maswali yangu yote yangeweza kujibiwa vilevile na mtu ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo, na tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila swali kabla sijatoka nyumbani.

Maandalizi huanza kwa kuchagua mtu wa kuhojiwa. Mwenye biashara atakupa jina la mteja anayemsifu kuliko wote, na mara nyingi huyo ni rafiki yake au mtu aliyenunua juzi na bado ana shauku ya kitu kipya. Kwa mashine ya kutotolesha, yai la kuku huchukua siku 21 hadi kifaranga kitoke, kwa hiyo aliyenunua mwezi uliopita amepitia mzunguko mmoja tu na hana la kulinganisha. Mwombe fundi akutajie mtu aliyekwisha totolesha mara tatu au nne, anayeandika kumbukumbu zake kwenye daftari, na ambaye angalau mara moja alimpigia simu akiwa na hofu au hasira. Fundi atasita kukutajia mtu wa aina hiyo. Mweleze kwamba mteja ambaye hakuwahi kupata tatizo hana kisa cha kusimulia, na kwamba mtazamaji anayefikiria kutoa fedha zake anataka kujua zaidi kitakachotokea siku mambo yatakapoharibika.

Siku mbili au tatu kabla ya kwenda, mpigie mteja simu ya takriban robo saa. Lengo la simu hiyo ni kujua mahali kisa kilipo bila kukimaliza, kwa sababu mtu akikusimulia kila kitu kwenye simu, mbele ya kamera atakupa muhtasari na kuongeza, "kama nilivyokwambia juzi." Katika mahojiano yangu ya pili kwa fundi huyohuyo, mama mmoja alianza kunieleza kwenye simu kwamba umeme ulikatika usiku mashine ikiwa na mayai. Nilimkatiza kwa adabu, nikasema, "Hapo hapo mama, naomba hicho ukiweke, utanisimulia nikifika," kisha nikaandika maneno matatu tu: umeme, usiku, mayai. Wengine huomba watumiwe maswali mapema ili wajiandae. Watumie mada, kwa mfano hali ilivyokuwa kabla ya mashine, mzunguko wa kwanza, na siku ya tatizo, lakini usiwatumie maswali yenyewe, kwani watakariri majibu, na wakati mwingine utakuta wameandikiwa na mtoto aliyeko sekondari.

Sasa maswali yenyewe, na hapa ndipo muda mwingi wa maandalizi unapopaswa kwenda. Swali linaloleta kisa humrudisha mtu kwenye siku moja, mahali pamoja, akifanya jambo fulani, ilhali swali linaloomba maoni humpa nafasi ya kutoa sifa. Badala ya kumuuliza yule mama ugumu aliokuwa nao zamani, nilimwomba anieleze mara ya mwisho alipoatamisha mayai kwa kuku kabla ya kununua mashine: alikuwa na kuku wangapi, aliweka mayai mangapi, na nini kilitokea. Akakumbuka kuku mmoja aliyeyaacha mayai siku ya kumi na sita, akaeleza jinsi alivyoyakuta ya baridi asubuhi. Badala ya kuuliza kwa nini aliichagua mashine hiyo, nilimuuliza nini kilitaka kumzuia asiinunue. Hilo ni swali ninaloliweka katika kila mahojiano, kwa kuwa kilichomtia mashaka mteja ndicho kinachomtia mashaka mtazamaji. Alisema mume wake alimwambia waziwazi kwamba sanduku la mbao lenye taa haliwezi kuzaa kuku, na kwamba fedha hizo zilikuwa za bati.

Kisha nikafika kwenye umeme. Niliuliza tu, "Usiku ule umeme ulipokatika, ulikuwa wapi na ulijuaje?" Alikuwa amelala, alijua kwa sababu feni ya mashine, ambayo alikuwa amezoea mngurumo wake, ilinyamaza. Akachukua tochi ya simu, akasoma kipimajoto kikiwa kinashuka kutoka nyuzi 37.5, akampigia fundi saa tisa usiku akitetemeka. Fundi akamwambia asifungue mlango wa mashine kabisa, aifunike kwa blanketi na kuacha wazi matundu ya hewa. Alikaa kwenye kigoda pembeni hadi umeme uliporudi alfajiri. Hakuna swali la kuridhika lingeweza kunipa mngurumo wa feni ulionyamaza, na hakuna mtazamaji aliyewahi kusema kwamba mama huyo alilipwa.

Andaa pia maswali mafupi ya kufuatilia, kwani mtu husimulia kwa maneno ya jumla hadi aombwe undani. "Ulimwambia nini?" "Naye akajibuje?" "Ulikuwa umeshika nini?" Akisema mashine imemsaidia sana, muulize ni kitu gani alinunua au alifanya mwezi huo ambacho asingeweza kabla, halafu unyamaze. Kunyamaza huku nako kunahitaji kujizoeza nyumbani, kwa sababu sisi tumelelewa kuitikia kila neno kwa "ehe" na "naam," na sauti hiyo itaingia juu ya maneno yake. Itikia kwa kichwa, hesabu moyoni hadi tano, na mara nyingi sentensi ya pili itakuja ikiwa bora kuliko ya kwanza. Mwombe mapema aanze jibu kwa kulitaja jambo lenyewe, kwa mfano, "Umeme ulipokatika nilikuwa nimelala," kwa kuwa sauti yako itaondolewa wakati wa kuhariri, na jibu la "nilikuwa nimelala tu" litabaki halina kichwa. Na weka swali moja la kasoro: ni kitu gani kwenye mashine hii ungependa fundi akibadilishe? Mama alisema trei ya maji iko chini mno na kuijaza kunamuumiza mgongo. Fundi alitaka sehemu hiyo ikatwe. Nilimshauri aiache, akaiacha, na baadaye aliirekebisha trei.

Kwa upande wa hesabu, mwombe mteja awe na daftari lake siku ya kurekodi, na ulisome kabla ya kuwasha kamera. Mama alikuwa akikumbuka kwamba walitoka "kama mia hivi." Daftari lilionyesha kwamba aliingiza mayai 150, yaani trei tano, siku ya saba akayapima kwa tochi na kutoa 23 yasiyo na mbegu, na katika 127 yaliyobaki wakatoka vifaranga 98. Nilimwomba ayasome hivyohivyo. Fundi angependa kusikia kwamba yote yalitotolewa, lakini mfugaji yeyote aliyezoea anajua kwamba hayatoki yote, na namba kamilifu ingemfanya azime video. Kipimo kiwe kile anachokitumia mwenyewe: kama anahesabu kwa trei, debe au gunia, usimlazimishe kuhesabu kwa asilimia.

Panga mapema nani atakuwepo chumbani. Mwenye biashara asiwepo, hata akiahidi kukaa kimya, kwani mteja atamsifu kwa heshima ya mgeni aliyekuja kwake. Mume au mwanamume wa nyumba aelezwe jambo hili na aridhie, lakini akikaa nyuma ya kamera majibu yote yatamwelekea yeye. Weka muda wa kusalimia na kunywa chai kabla ya kutoa vifaa, usifike saa nne na kuanza saa nne. Hata hivyo jiandae kwa jambo moja linalowapata karibu wote: kamera ikiwashwa, mtu aliyekuwa akiongea kawaida huanza kusema "napenda kuchukua fursa hii" kama msoma risala. Usimsahihishe. Mpe kazi ya mikono, aongee huku akigeuza mayai au akiyamulika kwa tochi, na baada ya dakika chache lugha yake itarudi.

Ridhaa iandaliwe kwa maandishi ya Kiswahili chepesi, na isainiwe kabla ya kurekodi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake. Karatasi itaje video itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na mteja ampigie nani akitaka iondolewe. Mwahidi kuiona kabla haijatolewa. Nauli na muda wake vinaweza kulipwa, lakini punguzo la bei lisifungwe kwenye maneno mazuri, na kama alipewa chochote, video iseme hivyo.

Vifaa havihitaji maelezo mengi. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo iwekwe kifuani, takriban shubiri moja chini ya kidevu, na mtandio au mkufu usiiguse. Kama chumba kina taa za umeme, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na spidi ya shata ya 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na mpangilio mwingine unaweza kuifanya picha ipepese. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni, na iwe na nafasi ya gigabaiti 10 hivi, hata kama umepanga kurekodi nusu saa tu. Nafasi hiyo ya ziada ni ya baada ya mahojiano, kwani usizime kamera unaposema asante. Nilipomshukuru mama na kuanza kukunja waya, alishusha pumzi, akatazama mashine, akasema, "Mwanangu, siku hizi mume wangu akisikia hiyo feni imenyamaza, anaamka kabla yangu." Kamera ilikuwa bado inarekodi, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kwenye video.