Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutia Wino: Jinsi Ukurasa wa Riwaya ya Picha Unavyopima Muda

Kwenye karatasi hakuna kitu kinachosogea. Msomaji wa riwaya ya picha huhisi dakika zikipita kwa sababu mchoraji amegawa ukurasa katika visanduku, ameacha mianya myeupe kati yake na kuweka viputo vya maneno mahali fulani badala ya pengine. Vitu hivi vitatu vinapaswa kuamuliwa kwenye michoro midogo ya majaribio, yenye ukubwa wa kiganja, kabla ya kugusa karatasi ya mwisho, kwani mtu aliyekwisha kutia wino huona uchungu kufuta hata pale anapojua kwamba tukio linakwenda mbio kupita kiasi.

Jambo la kwanza ni kuuliza tukio lipi linastahili kucheleweshwa, kisha kulitengea kurasa. Mfano ninaoupenda ni wa mchoraji Mmarekani Bernard Krigstein, ambaye mwaka 1955 alipewa hadithi ya kurasa 6, iliyoandikwa na Al Feldstein, kuhusu mkuu wa zamani wa kambi ya Wanazi anayeuona uso anaoufahamu ndani ya treni ya chini ya ardhi. Krigstein aliomba kurasa 12, akapewa 8. Karatasi alizokabidhiwa zilikuwa tayari na maneno na mipaka ya visanduku, kwa hiyo alizikatakata na kuzipanga upya, akapata visanduku vyembamba vilivyosimama bega kwa bega. Pale mkuu yule anapoteleza na kuanguka relini, tendo la sekunde chache limegawanywa vipande vipande, na nyuso za abiria katika madirisha ya treni inayopita zimerudiwarudiwa kama zinavyoonekana kwa mtu aliyesimama jukwaani. Hadithi haikuongezewa tukio lolote. Kilichoongezeka ni nafasi ya kulitazama lile lililokuwepo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba visanduku vingi maana yake ni mwendo wa kasi. Inategemea kinachobadilika kati ya kimoja na kingine. Visanduku vinne vinavyoonyesha pembe ileile ya chumba, kikiwa kimebadilika kitu kidogo tu, huburuza muda. Visanduku vinne vya ukubwa uleule vinavyoruka kutoka uso hadi mkono, mlango na gari huuharakisha. Kabla ya kuchora, andika pembeni mwa kila mwanya muda unaopita ndani yake: sekunde moja, usiku mzima, miaka 3. Ukishindwa kuandika, msomaji naye atashindwa kukisia.

Nichukue ukurasa mmoja wa kubuni. Zuhura anasubiri usiku simu ya mumewe aliye baharini, simu inaita, na anayepiga si mumewe. Katika jaribio la kwanza mchoraji anaweza kutumia visanduku vitatu: Zuhura ameketi, simu inaita, Zuhura anashtuka. Habari imefika, lakini hakuna aliyesubiri pamoja na Zuhura. Katika jaribio la pili, safu ya juu inakuwa kisanduku kimoja kipana chenye chumba, taa na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Safu ya kati inagawanywa mara nne kwa upana ulio sawa, mtazamo ukiwa uleule: mvuke mwingi, mvuke kidogo, chai isiyo na mvuke, kisha utando juu ya chai. Hakuna neno hata moja. Chai imekuwa saa, na kwa kuwa kila mtu anajua chai huchukua muda gani kupoa, hapahitajiki maelezo ya “baada ya nusu saa”. Safu ya chini ina Zuhura aliyesinzia, na mwisho kabisa upande wa kulia, kisanduku kidogo chenye simu inayowaka, namba ikiwa haina jina.

Anayepiga ataonekana baada ya kugeuza ukurasa, na hili lina sharti lake. Katika kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kurasa za namba witiri huwa kulia na za namba shufwa huwa nyuma yake, kwa hiyo simu iwake mwishoni mwa ukurasa wa 11 na jibu lifunguke kwenye wa 12. Likiwekwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, jicho litalinyakua mapema. Hakikisha basi kwamba idadi ya kurasa za mwanzo imekwisha kukubaliwa na mchapishaji, maana ukurasa mmoja wa tabaruku ukiongezwa dakika za mwisho, kila siri ya kitabu husogea upande usio wake.

Kuhusu mianya, chagua kipimo kimoja cha kawaida, tuseme milimita 4, ukishikilie ili siku utakapokipanua au kukifuta msomaji ahisi kwamba kuna jambo. Mwanya wa kati ya safu na safu uzidi kidogo ule wa kati ya visanduku vya safu moja, la sivyo jicho litashuka chini kabla ya kumaliza safu. Kuwa mwangalifu zaidi unapopanga visanduku viwili kimoja juu ya kingine upande wa kushoto, na kimoja kirefu kulia: wasomaji wengi watashuka kwanza kushoto, hata kama wewe ulitaka waende kulia. Ukiwa na shaka, mpe mtu asiyeijua hadithi asome kwa sauti huku akifuata kwa kidole.

Viputo vinahitaji hesabu yake. Mwandishi wa riwaya za picha Alan Moore amesimulia kwamba alifuata kikomo cha mhariri Mort Weisinger: maneno 35 kwa kisanduku, au 210 kwa ukurasa wa visanduku 6. Kwa Kiswahili hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu “hatutawasubiri” ni neno moja lililobeba sentensi nzima na linalojaza mstari mzima wa kiputo chembamba. Hesabu herufi, au bora zaidi andika maneno kwa ukubwa wake halisi kwenye mchoro wa majaribio kabla ya kuchora watu, kisha watu wapangwe chini yake. Anayesema kwanza akae kushoto. Asipokaa hivyo, mikia ya viputo itapishana na jibu litasomwa kabla ya swali.

Tena maneno yenyewe hula muda. Mtu aliyechorwa akiwa hewani, katikati ya kuruka ukuta, hawezi kutamka sentensi tatu, ingawa katuni nyingi humlazimisha. Kisanduku chenye swali kushoto na jibu kulia kina sekunde kadhaa ndani yake, kwa hiyo umbo la mwili lazima liwe lile linaloweza kudumu sekunde hizo: mtu ameegemea, ameketi, ameshika kitasa. Kauli ikihitaji kusita, igawanye katika viputo viwili vilivyounganishwa kwa shingo fupi. Katika ukurasa wa 12, Zuhura anasema “Haloo?” katika kiputo kidogo chenye nafasi kubwa nyeupe kuzunguka maneno, kisanduku kinachofuata hakina kiputo kabisa, na sauti ya mgeni inaingia katika cha tatu kutoka nje ya fremu, mkia wake ukielekea kwenye simu. Ukiondoa kile kisanduku kitupu, mgeni atakuwa amejibu papo hapo, na msomaji hatapata wasaa wa kuogopa.