Vidoti na chenga kwenye TV: pima waya wa HDMI kabla hujagusa dishi

Wakuu, hii nimekutana nayo tena kwenye baa moja Sinza, king'amuzi kipo kaunta, TV ipo ukuta wa mbele, katikati kuna waya wa HDMI mita 15 mwembamba wa Kariakoo. Picha ipo na sauti safi kabisa ila vidoti vyeupe vinameremeta, hasa sehemu zenye giza, na mara mistari inapita halafu TV inakuwa nyeusi sekunde mbili inarudi. Mwenye baa alishaambiwa anunue dishi jipya!

Hatua ya 1. Bonyeza menyu ya king'amuzi. Menyu inatengenezwa na king'amuzi chenyewe, haitoki angani, kwa hiyo vidoti vikionekana hata juu ya menyu dishi halihusiki. Tena dishi likiwa dhaifu picha inakatika vipande vipande au inaganda, haitoi vidoti vya kumeremeta.

Hatua ya 2. Ingia setingi, shusha kutoka 1080p kwenda 720p au 1080i. Hapa ndo penyewe, maana data inayopita kwenye waya inapungua nusu. Pale Sinza vidoti viliisha hapohapo, yaani king'amuzi na TV ni vizima, waya ndo umezidiwa. Umeme wa kasi kubwa unapungua nguvu kila mita, na waya ukiwa mwembamba unapungua zaidi, mpaka TV inashindwa kujua hii ni moja au sifuri. Ikikosea, pikseli hiyo inatoka na rangi ya ajabu kwa sababu kwenye HDMI hizi za kawaida picha haina marekebisho ya makosa, sauti inayo kidogo ndo maana inaendelea vizuri. Makosa yakizidi TV inapoteza picha yote.

Hatua ya 3. Hamisha king'amuzi kiende chini ya TV, chomeka waya mfupi wa mita moja na nusu, rudisha 1080p. Ikitulia umemaliza ubishi. Angalia pia kama kuna jointi katikati au waya umekunjwa sana kwenye kona, hivyo vinakula signo.

Hatua ya 4. Kununua. Soma maandishi ya kwenye waya, namba ya AWG ikiwa ndogo waya ni mnene, 24AWG inafika mbali kuliko 30AWG. Wa kawaida kwa 1080p mimi siupitishi mita 10, na kwa 4K ya 60Hz naishia kama mita 5 hivi. Zaidi ya hapo chukua wenye chipu ndani au wa fiba, ila hizo zina upande, Source king'amuzi, Display TV, ukigeuza hupati picha. Na ujaribu ukiwa chini sakafuni kwanza, kwa 1080p ileile, uache nusu saa ndo upitishe ukutani. Kama hela haijapatikana baki na 1080i, mechi inaonekana vizuri tu.