Somo: Kuwaandikia wafanyakazi wakati wa mgomo

Meneja wa kiwanda kimoja Mombasa aliniletea rasimu ya tangazo nimpitishie. Ilisema: “Mgomo huu ni haramu. Wengi wenu mmesharudi kazini. Asiyefika kesho saa mbili ajihesabu amejifukuza.” Sentensi tatu, na hakuna hata moja ingeweza kusimama. Tuzipitie tulivyozirekebisha.

Hatua ya 1: Soma ilani ya mgomo kabla ya kushika kalamu. Kwa Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 76, inataka mzozo uwe wa masharti ya kazi au wa kutambuliwa kwa chama cha wafanyakazi, upatanishi uwe umeshindwa kuumaliza, na ilani ya maandishi ya siku 7 iwe imetolewa. Hapa ilani ilikuwa imegongwa muhuri wa ofisi ya meneja mwenyewe, Jumatatu, na mgomo ukaanza Jumanne ya wiki iliyofuata. Mgomo uliofuata taratibu hizo unalindwa: kifungu cha 79 kinamzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa kushiriki. Kwa hiyo “amejifukuza” ni kitisho, na pia si kweli. Neno “haramu” nalo liondoke, kwa sababu hakuna mahakama iliyokuwa imelisema. Kama mnapinga mgomo mahakamani, andikeni kwamba mmewasilisha kesi, tarehe gani, basi.

Hatua ya 2: Idadi itoke kwenye daftari la getini, pamoja na saa. Hao “wengi” walikuwa 64 kati ya 180. Waliosimama nje ya geti walikuwa wamehesabu kila aliyeingia, na tangazo lile lingewafikia likiwa limeshapoteza heshima. Majina ya walioingia yasitajwe popote.

Hatua ya 3: Suala la mshahara. Hapa ndipo watu wanapoteleza zaidi. Mwajiri halazimiki kulipia siku ambazo kazi haikufanyika, na wafanyakazi wana haki ya kulijua hilo mapema. Lakini “mtaona mwisho wa mwezi” na hesabu iliyoandikwa wazi ni vitu viwili tofauti. Taarifa inataja kanuni, inahusu kila mtu sawasawa, na msomaji anaweza kuihakiki mwenyewe. Kitisho kinamwacha akisie.

Tumieni kigawanyo kilekile mnachotumia kwa likizo isiyo na malipo. Kiwanda hiki hugawanya kwa siku 26: mshahara wa shilingi 31,200 ni 1,200 kwa siku, kwa hiyo siku 4 ni 4,800. Meneja alitaka kugawanya kwa 22, ambapo siku 4 zingekatwa kama 5,673. Tofauti hiyo ya mia nane na kitu ingesomwa kuwa adhabu, na ingekuwa adhabu kweli.

Hatua ya 4: Mpe asiye wa menejimenti aisome kwa sauti. Karani wa stoo alisimama kwenye “fikirieni watoto wenu”, maneno yaliyokuwa yameongezwa tulipokuwa tukiirekebisha rasimu. Mjomba akikwambia hivyo ni huruma. Akikwambia anayeshika mshahara wako, unasikia jambo jingine. Tukaifuta.

Tangazo likatoka hivi:

> Kwa wafanyakazi wote. Leo Alhamisi, saa 2:30 asubuhi, watu 64 kati ya 180 wa zamu ya mchana walikuwa kazini. Mazungumzo na chama yanaendelea kesho saa 4:00. Siku ambazo mtu hakufanya kazi kwa sababu ya mgomo hazitalipwa; hesabu ni mshahara wa mwezi kugawanya kwa 26, kwa kila siku. Hakuna atakayechukuliwa hatua za nidhamu kwa kushiriki mgomo huu. Maswali kuhusu malipo yapelekwe ofisi ya mishahara.

Maswali mliyouliza

*Tunaweza kuahidi bonasi kwa watakaoingia kazini?*
Hapana. Kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumwahidi mfanyakazi faida ili asitumie haki yake. Na kwa aliye nje, zawadi ya mwenzake inasomeka kama onyo.

*Mahakama imesimamisha mgomo kwa muda. Sasa tuandike ni haramu?*
Bado. Amri ya muda inasimamisha mgomo hadi kesi isikilizwe. Haijaamua kwamba ulikuwa haramu. Nukuu maneno ya amri, taja namba ya kesi na tarehe ya kusikilizwa, ambatisha nakala. Usiifupishe kwa maneno yako.

*Msimamizi wetu ametuma sauti kwenye kundi la WhatsApp akisema “majina tunayo”. Tufanyeje, mwalimu?*
Ikanusheni siku hiyohiyo, kwa maandishi, katika kundi lilelile: ujumbe ule si msimamo wa kampuni, na orodha ya majina kwa ajili ya adhabu haipo. Lakini hakikisheni kwanza kwamba kweli haipo.

*Niko Dar. Haya yananihusu?*
Uandishi ni uleule, sheria ni nyingine. Kwenu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mzozo hupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ilani ni ya saa 48. Usinakili siku 7 za Kenya kwenye tangazo lako.