Kuhamisha eSIM kwenda simu mpya bila kupoteza namba yako

Niko kwenye kazi ya simu Dar, na kitu kinachonirudia kila wiki sasa hivi ni mtu kaja na simu mbili mkononi, ya zamani na mpya, anasema "fundi nihamishie laini", halafu nikiangalia pembeni ya simu natafuta trei hakuna kitu cha kutoa, laini yake ni eSIM. Na wengi wanafika kwangu wameshafanya lile kosa moja ambalo halirudishiki kwa fundi yeyote. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua kama ninavyofanya mezani, ila kwanza tuelewane laini ni kitu gani, ukishaelewa hapo hatua zenyewe zinajieleza.

Laini ya kawaida, ile ya plastiki, ndani yake kuna chipu, na ndani ya chipu kuna vitu viwili vya maana: namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 inaitwa IMSI, na ufunguo wa siri ambao mtandao wako nao wanao nakala yake. Simu ikiwaka inaenda kwa mtandao, mtandao unaijaribu kwa ule ufunguo, vikioana unaingia. Namba yako ya 07 unayowapa watu haitegemei ile plastiki kabisa, iko kwenye kompyuta za mtandao, wao ndio wameandika kwamba IMSI hii ina namba hii. Ndiyo maana laini ikipotea unaenda kurinyu unapewa plastiki nyingine kabisa na namba inabaki ile ile, wamebadilisha tu maandishi upande wao.

eSIM ni chipu kama hiyo hiyo ila imechomelewa kwenye ubao wa simu kutoka kiwandani na haitoki. Inakuja tupu. Unachofanya ni kushusha profaili, yaani ile IMSI na ule ufunguo, kutoka kwenye seva ya mtandao kupitia intaneti. Ile QR unayopewa dukani watu wanadhani ndiyo laini, siyo, QR ni anwani tu ya seva pamoja na namba ya kuchukulia mzigo. Ukiisoma kwa maandishi inakaa hivi, huu ni mfano:

```
LPA:1$smdp.example.com$ABCD-1234-EFGH
```

Hapo katikati ni seva, mwisho ni namba ya kuchukulia. Na mzigo kwa kawaida unachukuliwa mara moja. Ukishashuka kwenye simu moja, seva inaandika umechukuliwa, ukiskani tena kwenye simu nyingine inakukatalia.

Sasa tofauti kubwa iko hapa. Plastiki unahamisha mwenyewe, unachomoa hapa unachomeka pale, mtandao hauhusiki. eSIM huchomoi chochote, unauomba mtandao ukutengenezee profaili mpya kwa ajili ya simu mpya na kuua ya zamani. Kwao kuhamisha eSIM ni sawasawa na kurinyu laini, na Tanzania kurinyu maana yake ni namba ya NIDA na alama ya kidole.

Nikupe kesi moja. Dada mmoja anauza vitenge, wateja wake wote wako WhatsApp na wanamlipa kwa simu. Alikuwa na iPhone 12 yenye eSIM, Jumamosi jioni akaenda duka fulani akaongeza hela akachukua Galaxy S23. Muuzaji akamwambia afute kila kitu kwenye iPhone kabla ya kuikabidhi, akafuta, simu ikauliza abakishe eSIM au aifute, akabonyeza kufuta kwa sababu alikuwa na picha ya ile QR kwenye barua pepe yake, akaamini ataskani tu kwenye Samsung. Anaskani, simu inasema haiwezi. Akaja kwangu Jumapili asubuhi kwa wasiwasi mkubwa, nikaangalia ile QR, ni ya miezi mingi nyuma na ilishatumika. Mimi kama fundi sina cha kufanya hapo, ufunguo ulikuwa ndani ya iPhone na umefutwa. Tawi la mtandao wake la karibu halikuwa wazi siku hiyo, alikaa bila namba mpaka Jumatatu, siku mbili za biashara. WhatsApp nayo kwenye simu mpya ilikuwa inataka namba za kuthibitisha kwa SMS, na SMS haina pa kuingilia.

Angefuata mpangilio huu angehama bila kukatika.

Hatua ya 1, kabla hujalipia simu mpya hakikisha ina eSIM. Piga `*#06#`. Zitatokea IMEI, na kama simu ina eSIM itatokea pia EID, namba ya ile chipu ya eSIM, tarakimu 32. Hakuna EID basi hakuna eSIM hata kama muuzaji anaapa. Usitegemee jina la toleo tu, kwa sababu simu ya jina lile lile inatengenezwa tofauti kwa nchi tofauti, iPhone nyingi zilizouzwa China bara zinakuja na nafasi mbili za laini ya plastiki na eSIM hamna, na kinyume chake iPhone 14 za Marekani za mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa. Hizo za Marekani angalia na kitu kingine, nenda `Settings`, `General`, `About`, shuka mpaka `Carrier Lock`, iwe imeandikwa `No SIM restrictions`. Vinginevyo imefungwa kwa mtandao wa kule na laini yako haitashika.

Hatua ya 2, piga picha EID ya simu mpya. Baadhi ya mitandao inaifunga profaili kwa EID uliyowapa, ukiwapa ya simu ya zamani kwa bahati mbaya QR itakataa kwenye mpya na utarudi foleni. Usiinakili kwa mkono, tarakimu 32 zinachanganya.

Hatua ya 3, wakati laini bado inafanya kazi kwenye simu ya zamani, maliza yote yanayohitaji SMS. Washa WhatsApp kwenye simu mpya sasa hivi, namba za kuthibitisha zitaingia simu ya zamani unazijaza kule. Programu ya benki vivyo hivyo kama inaruhusu. Hili watu wanaliacha la mwisho na ndilo linalowakwamisha.

Hapa pia kama unatoka kwenye plastiki kwenda eSIM, angalia majina ya watu yamehifadhiwa wapi. Ya wazazi wetu mara nyingi yako kwenye laini yenyewe, na hayo hayahami, yanabaki kwenye ile plastiki ambayo itakufa. Fungua programu ya majina, tafuta sehemu ya kuingiza majina kutoka SIM, yapeleke kwenye akaunti ya Google. Mama mmoja nilimkuta na majina zaidi ya 100 kwenye laini, mengine ni ya ndugu wa kijijini ambao hana namba zao popote pengine.

Hatua ya 4, omba uhamisho. Kama ni iPhone kwenda iPhone, zote zina iOS 16 au zaidi, ziweke karibu, washa bluetooth, kwenye mpya nenda `Settings`, `Cellular` (nyingine imeandikwa `Mobile Service`), `Add eSIM`, chagua `Transfer From Nearby iPhone`. Hii inategemea mtandao wako umekubali njia hiyo, kama haujakubali simu itakwambia uwasiliane nao, usihangaike kurudia rudia. Kwa njia nyingine zote, na hasa kutoka iPhone kwenda Android, mimi nakushauri nenda duka la mtandao wenyewe, siku ya kazi, asubuhi. Nenda na namba yako ya NIDA, simu zote mbili, na wewe mwenyewe kwa sababu kidole chako hakitumwi na mtu.

Hatua ya 5, shusha profaili. Simu mpya iwe na intaneti ya waifai au hotspoti ya mtu, kwa sababu laini yako yenyewe bado haijaingia, na wakati mtandao unabadilisha, ya zamani inakatika, kwa hiyo hotspoti ya simu yako ya zamani usiitegemee. QR iwe kwenye karatasi au kwenye skrini ya simu nyingine. Samsung ni `Settings`, `Connections`, `SIM manager`, `Add eSIM`. Pixel ni `Settings`, `Network & internet`, `SIMs`. Kamera ikigoma kuna sehemu ya kujaza kwa mkono, unaandika yale maandishi ya LPA yalivyo, herufi kubwa na ndogo zisibadilike. Ikishaanza kushuka usizime, usifunge, iache imalize.

Hatua ya 6, jaribu vitu vitatu kimoja kimoja. Piga simu na upigiwe. Tuma SMS na upokee. Zima waifai ufungue ukurasa wowote kwa bando. Ukiona sauti inafanya kazi ila intaneti haiji, laini ni nzima, ni APN, ule mpangilio wa intaneti wa mtandao wako, haijajaa, waombe wakutumie. Ukiona profaili imeingia ila hakuna mnara kabisa, angalia kwanza kama umeiwasha, halafu zima simu uwashe, halafu subiri, upande wa mtandao mabadiliko yanaweza kuchukua muda. Baadaye jaribu menyu ya pesa, Vodacom ni `*150*00#`, Airtel ni `*150*60#`. PIN yako ni ile ile na salio liko pale pale kwa sababu halikai kwenye simu. Ila benki nyingine zikiona laini imebadilishwa zinasimamisha miamala kwa muda kukulinda na wezi wa kurinyu laini za watu, kwa hiyo kama una malipo ya lazima yafanye kabla ya hatua ya 4.

Hatua ya 7 ndiyo kufuta kwenye simu ya zamani, baada ya yote hayo kupita na siyo kabla. Pale inapouliza ukifuta simu yote, sasa ndiyo chagua kufuta na eSIM, usimwachie mnunuzi profaili hata kama imekufa.

Kuna hali moja ambayo mpangilio huu haukusaidii, simu ikifa ghafla, imeingia maji au kioo kimezima. Plastiki ungeichomoa ukaitia kwenye kiswaswadu ukaendelea na siku yako. eSIM hapo imefungiwa ndani na njia ni moja tu, dukani na kidole. Yule dada wa vitenge Jumatatu nilimshauri achukue eSIM kwa namba ya familia na bando, lakini namba ya biashara airudishe kwenye plastiki, na ndivyo alivyofanya, S23 yake ina vyote viwili na vinafanya kazi pamoja.